Spesho ya Leo Inafuata Mwezi: Namna ya Kuchagua na Kupima Chakula cha Siku Kibandani, Kigoma

Kibanda changu kiko Mwandiga, pale barabara ya Manyovu inapoachana na ya Kigoma mjini. Wateja wangu ni madereva wa bodaboda, mafundi ujenzi, makondakta na akina mama wanaoshuka na ndizi kutoka milimani. Ugali na maharage vipo kila siku. Juu ya hivyo naandika ubaoni chakula kimoja cha siku, yaani spesho, na nataka sufuria yake iwe tupu ifikapo saa nane mchana. Mwongozo huu unaeleza ninavyokichagua na ninavyokipima. Nimeshika dagaa wabichi kama mfano mkuu, kwa kuwa ndio chakula chetu kinachopanda na kushuka bei kuliko vyote na ndicho kinachooza upesi kuliko vyote. Anayejifunza kuuza dagaa bila kumwaga hatasumbuliwa na mchicha.

Hatua ya kwanza: tundika kalenda ya mwezi ukutani

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola. Taa ikiwaka juu ya maji kwenye giza, dagaa hukusanyika chini yake na wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake umetapakaa ziwa zima, kwa hiyo taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuwavuta. Wavuvi wengi hukaa nchi kavu siku hizo, wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Ndiyo maana sado ya dagaa inaweza kuwa rahisi wiki hii na wiki ijayo ikawa haishikiki, hata kama hakuna kilichobadilika mjini.

Kalenda inayokusaidia hapa ni ile ya Kiislamu, inayotundikwa kwenye nyumba nyingi za Ujiji, kwa sababu tarehe zake zinakwenda na mwezi wenyewe. Mwezi huwa mpevu karibu na tarehe 14. Mimi nimeugawa mwezi hivi. Kuanzia kama tarehe 24 mpaka tarehe 6 ya mwezi unaofuata ni giza, dagaa ni wengi na bei iko chini. Kuanzia tarehe 7 bei inapanda taratibu. Kuanzia tarehe 11 au 12 hadi 17 siweki dagaa wabichi ubaoni kabisa, hata nikisikia kuna mtumbwi umepata. Baada ya hapo mwezi huchelewa kutoka kila usiku kwa karibu dakika 50, kwa hiyo wavuvi wanapata saa chache za giza mara baada ya jua kuzama. Ikifika tarehe 19 au 20 dagaa wanaanza kuonekana tena mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotua, kidogo kidogo.

Kuna jambo jingine nililichelewa kuliona. Tarehe 13, 14 na 15 ni siku nyeupe, na baadhi ya wateja Waislamu hufunga siku hizo. Kwa hiyo siku zile zile ambazo dagaa ni ghali, wateja wa mchana nao wanapungua kidogo. Siku hizo napunguza sahani za spesho hata kama chakula chenyewe ni cha bei nafuu.

Upepo unaweza kuvunja mpango huu wote. Usiku wa mawimbi makubwa mitumbwi haiendi, hata kama ni giza totoro. Kabla sijalala nasikiliza miti. Ikiwa inavuma sana, naloweka maharage zaidi.

Hatua ya pili: jua mwisho wa bei yako kabla ya kufika mwaloni

Ukifika Kibirizi au Katonga alfajiri bila bei kichwani, utanunua kwa bei ya muuzaji. Hesabu ianzie kwenye sahani, irudi nyuma mpaka kwenye sado. Nakupa hesabu yangu, nawe uweke bei zako.

Sahani ya ugali na dagaa wabichi nauza shilingi 2,500. Unga wa muhogo unachukua 300, mboga ya majani pembeni 150, mawese, nyanya, kitunguu na ndimu 250, mkaa na maji 200, na mgawo wa pango pamoja na posho ya binti anayenisaidia 350. Jumla ni 1,250. Nataka kubaki na 500. Kwa hiyo dagaa walio kwenye sahani hiyo, pamoja na nauli ya kuwafuata, wasizidi shilingi 750.

Sasa, sahani moja inakula dagaa kiasi gani? Usikisie. Chukua mizani ya duka la jirani siku moja tu upime. Kwangu ni gramu 150 za dagaa wabichi, ambazo baada ya kupikwa zinaonekana nyingi vya kutosha kwa fundi aliyetoka kubeba zege. Kisha pima chombo cha kununulia. Mwaloni wanauza kwa sado, kwa ndoo au kwa beseni, na sado za watu hazilingani. Yangu ikijaa bila kichuguu inabeba kilo tatu na nusu hivi. Hizo ni sahani 23.

Sahani 23 mara 750 ni 17,250. Nikitoa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, shilingi 3,000, zinabaki elfu kumi na nne na ushee. Hiyo 14,000 ndiyo mwisho wangu wa sado moja. Muuzaji akisema 15,000 na hashuki, narudi na sado tupu na ubaoni naandika kitu kingine. Kurudi na sado tupu kunauma siku za mwanzo, kwa sababu nauli imeshakwenda. Lakini nauli ni 3,000, na sado iliyonunuliwa kwa 18,000 inakula faida ya siku nzima.

Jipatie pia mtu wa kumpigia simu mwaloni. Mimi nina mama mmoja ninayenunua kwake karibu kila mara. Nampigia saa kumi na moja na nusu alfajiri. "Shikamoo mama, ziwa limeamkaje?" Akijibu "Marahaba mwanangu, leo lala tu", nimeokoa nauli. Kwa msaada huo sibishani naye sana anapouza, na nalipa siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: chagua idadi ya sahani kutoka kwenye daftari

Hapa ndipo chakula kinapomwagwa, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Watu wengi wanaandika walichouza. Andika walichoomba. Ukipika sahani 20 zikaisha saa saba, ukaandika "20", umejidanganya, kwa sababu hujui kama wateja walikuwa 21 au 35. Mpe anayehudumia kipande cha karatasi, na kila mtu anayeuliza spesho baada ya kwisha, apigiwe kijistari. Jumlisha na zilizouzwa. Hiyo ndiyo idadi ya kweli ya siku.

Fanya hivyo kwa siku kumi za kazi ambazo uliweka spesho ya aina hiyo. Zangu za kwanza zilikuwa hizi: 31, 27, 24, 29, 22, 33, 26, 23, 28, 25. Sasa zipange kutoka ndogo kwenda kubwa: 22, 23, 24, 25, 26, 27, 28, 29, 31, 33. Wengi watataka kupika ya katikati, 26 au 27, wakiamini ndiyo haki. Mimi napika ya tatu kutoka chini, 24. Ningepika 24 siku zote kumi, siku nane zingeisha, na siku mbili zingebaki sahani mbili na sahani moja.

Sababu ya kushuka mpaka ya tatu ni hii. Sahani ya dagaa iliyopikwa ikakosa mlaji inanipotezea dagaa na viungo vyake, karibu shilingi 900, na siwezi kuiuza kesho. Mteja aliyekosa spesho kwa kawaida haondoki. Kati ya wanne, watatu wanachukua ugali maharage, na maharage nayo yana faida yake. Nikichanganya wote, kila aliyekosa ananipunguzia shilingi 300 hivi tu. Kosa moja linagharimu mara tatu ya lingine, basi napika upande ule wenye kosa la bei ndogo. Kama kibandani kwako hakuna chakula kingine cha kumshika mteja, hesabu hii inabadilika na unaweza kusogea mpaka ya nne au ya tano. Ndiyo maana nasisitiza maharage yawepo kila siku. Yakiwa makavu hayaozi, na yakichemshwa bila kuungwa yanavumilia. Unaunga kidogo kidogo kadiri yanavyokwenda. Nyanya na nazi zikishaingia, joto letu linayachachua mapema.

Tenga kurasa za daftari. Jumatatu si sawa na siku ya gulio, na siku za mwisho wa mwezi wa mishahara si sawa na tarehe 20. Mvua ikinyesha kuanzia saa nne, bodaboda wanajificha, na kwangu idadi inashuka kwa karibu robo. Hakuna haja ya kurasa ishirini. Tatu zinatosha: siku ya kawaida, siku ya gulio na siku ya mvua.

Nataka pia nikuonye kuhusu bei kushuka sana. Mwanzoni, kila nilipokuta sado inauzwa nusu ya bei, nilinunua mbili. Siku moja ya giza nilipika sado mbili zote, kama sahani 45, nikauza 19. Nilikaa na sufuria mpaka jioni nikijiuliza nimemkosea nani. Jibu lilikuwa rahisi. Dagaa wakiwa rahisi mwaloni, wanapitishwa kwa beseni mpaka mlangoni mwa kila nyumba. Mteja wangu amekula dagaa jana usiku kwake, na mkewe amempikia wengine asubuhi. Bei ndogo inaongeza dagaa mjini, haiongezi hamu ya kula dagaa kibandani. Siku za namna hiyo sasa napika idadi ile ile au pungufu, na sado ya pili naipeleka kichanjani moja kwa moja, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya nne: nunua kwa macho na pua

Dagaa mbichi wa kuaminika anang'aa kama fedha, jicho limetuna na liko angavu, mwili ukiukunja unarudi. Wa kukataa ni yule ambaye tumbo limepasuka, jicho limezama, rangi imefifia kuwa kijivu na maji ya sado yana wekundu. Dagaa ni wadogo na wana mafuta, kwa hiyo tumbo hupasuka saa chache tu baada ya kutoka majini wakikaa kwenye joto. Tia mkono mpaka chini ya sado, kwa sababu wauzaji wengine wanaweka wa jana chini na wa leo juu.

Usidhani moto utasafisha. Dagaa wetu ni jamii ya sadini, na samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto vijidudu hutengeneza sumu iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Aliyeila uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Mteja mmoja akipata hivyo, kijiwe chote cha bodaboda kitajua kabla ya jioni.

Chukua barafu. Wanaouza maji ya barafu kwenye vifuko vya nailoni hapa mjini watakuuzia vilivyoganda kabisa. Panga vifuko chini ya ndoo yenye kifuniko, dagaa katikati, vingine juu, na ufunge vizuri visivuje maji. Mwandiga si mbali, lakini jua la saa mbili asubuhi mgongoni mwa bodaboda linatosha kuharibu.

Hatua ya tano: pika kwa awamu mbili

Nikifika naosha kwa maji safi, natia chumvi na ndimu, nawaacha wachuje maji. Kisha nawakaanga wote kidogo kwenye mafuta ya moto, wakauke ngozi tu, wasiwe wakavu. Hiyo inafanyika kabla ya saa tatu. Dagaa waliopitishwa kwenye mafuta hivi wanafika mchana bila wasiwasi, na wale wabichi hawafiki.

Kuunga ndiko kunakogawanywa. Saa tano na nusu naunga zaidi kidogo ya nusu, sahani 13 kati ya 23, kwa mawese, nyanya na kitunguu. Wengine wanabaki wamekaangwa, wamefunikwa kwa wavu ili hewa ipite na inzi wasifike. Saa saba kasorobo natazama sufuria. Kama theluthi mbili zimekwenda, yaani sahani tisa au zaidi, naunga zilizobaki. Kama hazijafika tisa, siwashi jiko la pili.

Wale waliobaki bila kuungwa bado ni mali. Wakikaangwa tena mpaka wakawa wakavu kabisa, jioni wanauzwa na muhogo wa kuchemsha na pilipili, kwa watu wanaosubiri magari ya Manyovu. Sahani ndogo ya 1,000 inarudisha gharama yote na kitu juu. Lakini wakishaingia kwenye nyanya na mawese, njia hiyo imefungwa. Kwa hiyo kila dakika unayochelewesha kuunga inakuachia mlango wazi.

Ugali nao usisongwe wote. Songa wa watu wanane au kumi kwa mara moja. Unga uliobaki kwenye ndoo ni unga, ugali uliobaki kwenye sufuria ni makoko.

Siku moja kwa hesabu kamili

Jumanne moja ya giza, tarehe 27 kwa mwezi wa Kiislamu, nilipiga simu nikaambiwa ziwa limetoa. Mwaloni sado ilikuwa 12,000. Mwisho wangu ulikuwa 14,000, nikanunua moja. Daftari lilisema 24 na sado inatoa 23, kwa hiyo sikutafuta ya pili kwa ajili ya sahani moja.

Saa tano na nusu niliunga sahani 13. Saa saba kasorobo zilikuwa zimetoka tisa, nikaunga kumi zilizobaki. Sahani ya mwisho ilichukuliwa saa nane kasoro dakika kumi. Walikuja wanne baada ya hapo wakiulizia dagaa. Watatu walikula maharage, mmoja alivuka barabara. Mauzo ya spesho yalikuwa 57,500. Dagaa na nauli 15,000, gharama nyingine 28,750, nikabaki na 13,750. Daftarini sikuandika 23. Niliandika 27.

Hatua ya sita: giza lilishe mbalamwezi

Sado za bei ndogo za siku za giza ndizo zinazoniwekea chakula cha tarehe 11 hadi 17. Anika kwenye kichanja cha wavu kilichoinuliwa mpaka usawa wa kiuno, si kwenye mchanga, maana mteja akitafuna changarawe mara moja hatasahau. Jua la kiangazi likiwa kali, siku moja na nusu au mbili zinatosha. Dagaa mkavu ukimkunja anavunjika kwa mlio, akipinda tu bado ana maji na ataota ukungu. Karibu kilo nne mbichi zinakupa kilo moja kavu. Mvua zikianza, kuanzia Novemba, kuanika ni kamari. Miezi hiyo nanunua kavu kutoka kwa wanaokausha kwa wingi, au naacha kabisa.

Siku za mbalamwezi ubaoni panaandikwa sombe kwa dagaa wakavu na mawese. Majani ya muhogo yapo hata kiangazi wakati mchicha na lengalenga zimepanda bei. Sombe itwangwe vizuri, ichemshwe sana sufuria ikiwa wazi mvuke utoke, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Dagaa wakavu gramu 40 kwa sahani wanatosha, na sahani hii nauza 2,000. Sombe iliyochemshwa bila chumvi wala mafuta inakaa vizuri kwenye barafu mpaka kesho yake, ndiyo maana siiogopi kama dagaa wabichi. Nachemsha ya kutosha, naunga ya leo tu.

Masika yakishika, mambo ni mepesi: majani ya maboga, ya kunde na lengalenga vinauzwa kwa fungu la bei ndogo, na unaweza kuyazungusha pamoja na karanga za kutwanga bila kuumiza kichwa. Nunua ya siku hiyo tu.

Hatua ya saba: jiandae kwa ziwa kufungwa

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Anayetegemea dagaa peke yake kwenye ubao anaumia sana kipindi cha namna hiyo, kwani hakuna giza wala mbalamwezi, bei iko juu kwa wote.

Bahati yetu ni kwamba Mei na Juni ndipo maharage mapya ya msimu wa pili yanaposhuka kutoka Buhigwe na Kasulu. Maharage mapya yanaiva upesi kuliko ya zamani, kwa hiyo unaokoa mkaa, na ladha yake mteja anaitambua. Usiyauze kama maharage ya kila siku. Yachanganye na ndizi mbichi kutoka Manyovu, tia mawese na kitunguu kingi, uandike ubaoni "Ndizi maharage mapya". Gharama yake kwa sahani kwangu haifiki ile ya dagaa, na wanaoshuka na magari asubuhi wanakuletea ndizi mpaka mlangoni, kwa hiyo hakuna nauli ya mwaloni. Anza na idadi ndogo, sahani 12, kwa sababu ni chakula kipya na daftari lake halina siku kumi bado. Kila zikiisha kabla ya saa saba kwa siku tatu mfululizo, ongeza tatu.

Ubao wenyewe uandikwe saa nne asubuhi, si mapema. Saa kumi na mbili hujui kama sado itajaa, na mteja aliyesoma "dagaa wabichi" akija akakuta sombe anajiona amedanganywa. Mimi naandika jina la chakula, bei, na idadi ya sahani. Zikibaki tano, binti anafuta namba anaandika 5, na wale vijana wa kijiweni wanaosema "nakuja baadaye mama" wanasimama.